Tapu Imekatikia Ndani ya Tundu: Jua Kwanza Kinachokishikilia Kipande

Bamba la chuma likiletwa kwa fundi likiwa na kipande cha tapu ndani, yaani kile kifaa cha kukatia nyuzi za bolti kwenye tundu, mara nyingi tatizo kubwa si kipande chenyewe. Tatizo ni alama zinazokizunguka: kuta zimetobolewa na biti iliyoteleza, nyuzi za juu zimepondwa kwa panchi, na kipande kilichokuwa kizima kimepasuka na kujikaza kama kabari. Hayo yote yalifanyika baada ya tapu kukatika, pengine ndani ya nusu saa tu, na kila moja lilifanywa na mtu aliyekuwa anajaribu kukitoa.

Mwongozo huu unahusu chuma cha kawaida, yaani mabamba, shafti na viti vya beringi tunavyotengeneza kila siku katika karakana za Dodoma kwa ajili ya mashine za alizeti, mashine za kusaga na matela. Msimamo wangu ni mmoja: usichague kifaa cha kutolea kabla hujajua ni nini kinachokishikilia kipande. Kinaweza kushikwa na chenga za chuma zilizojaa kwenye mifereji ya tapu, na kibanzi kilichotokana na mkatiko wenyewe, au na ukuta wa tundu unaokibana pande zote. Kwa macho hali hizi tatu zinafanana. Ukigusa ndipo zinapoachana, na dawa ya moja huiharibu nyingine.

Lipo jambo moja la kukubali tangu mwanzo. Tapu nzuri ina ugumu uleule wa biti unayotobolea, kwa kuwa zote zimetengenezwa kwa chuma cha aina moja. Ukiweka biti ya kawaida juu ya kipande, haitakila. Itateleza na kuhamia kwenye chuma laini cha pembeni, na hapo ndipo tundu linapopoteza umbo. Kwa sababu hiyohiyo, kile kifaa cha kutolea bolti zilizokatika, ambacho hutaka kwanza utoboe katikati ya bolti, hakina kazi hapa.

Soma kilichobaki mkononi

Kabla hujainamia tundu, chukua shina lililobaki kwenye mpini. Lina habari nyingi.

Tazama maandishi. Kama limeandikwa HSS, hicho ni chuma kinachostahimili moto: hata ukikipasha mpaka kiwe chekundu na kukiacha kipoe, hakitalainika kiasi cha kutoboleka. Kama hakuna maandishi, ligusishe shina kwenye jiwe la kusagia na uangalie cheche. Chuma cha kaboni hutoa cheche nyeupe, nyingi, zinazopasuka matawi kama fataki. HSS hutoa cheche chache, fupi, za rangi nyekundu iliyofifia. Hili lina maana, kwa sababu tapu ya kaboni unaweza kuipasha hadi iwe nyekundu ya kuiva, ukaifukia pamoja na bamba kwenye majivu makavu mpaka kesho yake, kisha ukaitoboa kwa biti ya kawaida. Njia hiyo inafaa tu kama bamba lenyewe linaweza kuvumilia moto bila kupinda.

Halafu angalia uso wa mkatiko. Tapu iliyokatika kwa kusokotwa huacha uso uliopinda kwa mshazari, unaozunguka kama ngazi. Iliyokatika kwa kupindishwa huacha uso bapa, uliokatika moja kwa moja. Ukikuta uso bapa, mwenye mpini aliegemea upande mmoja, au tapu iliingia ikiwa imelala. Hiyo ni habari njema kidogo: kipande kilichokatika kwa kupindishwa mara nyingi hakijabanwa sana, kwa sababu tatizo lilikuwa mkono na si tundu.

Mwisho, pima urefu. Weka shina kando ya tapu nzima ya aina ileile, upime tofauti. Urefu huo ndio uliobaki ndani ya chuma. Kisha pima kwa venia ni kina gani kutoka usoni mwa bamba mpaka juu ya kipande. Jumlisha namba hizo mbili, utajua ncha ya tapu imefika wapi. Linganisha na kina cha tundu. Hesabu hii ni ndogo, lakini ndiyo inayokuambia kama tapu iligonga kitako au la.

Mpini ulikuambia nini kabla ya kukatika?

Muulize aliyekuwa ameshika mpini, tena muulize mapema, kabla hajasahau. Swali si "ulifanya nini?" maana atajitetea. Uliza mpini ulikuwa unajisikiaje.

Kama ulikuwa mzito tangu mzunguko wa kwanza na ukawa unarudi wenyewe kama springi kila unapoulegeza, tundu ni dogo au chuma ni kigumu. Kwa tapu ya M10 yenye hatua ya 1.5, biti sahihi ni 8.5. Lakini biti ya 8 ndiyo inayopatikana haraka kwenye boksi, na mtu hujiambia kwamba nusu milimita si kitu. Ni kitu kikubwa. Tundu la 8 ni dogo kuliko hata mzizi wa nyuzi za tapu, hivyo tapu haikati nyuzi tu, inalazimika pia kujipanulia tundu zima kwa mwili wake. Kipande kilichokatika katika hali hiyo kinabanwa na ukuta kwa urefu wake wote. Sababu nyingine ya dalili hii ni chuma chenyewe: bamba lililotobolewa kwa gesi, sehemu iliyo jirani na mchomeleo, au kipande kilichokatwa kwenye springi ya lori. Pitisha tupa pembeni ya tundu. Ikiteleza bila kula, chuma kimekomaa.

Kama mpini ulianza mwepesi ukaongezeka uzito polepole, chenga zilikuwa zinajaa kwenye mifereji. Hii ndiyo hali ya kawaida zaidi, hasa kwenye tundu lenye kitako, na ndiyo yenye matumaini kuliko zote.

Kama ulikuwa mwepesi kisha ukasimama ghafla, tapu iligonga kitako au ilikuta chenga zilizorundikana chini. Hesabu ya urefu itakuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Na kama ilikatika wakati wa kurudisha nyuma, chenga iliingia kati ya mgongo wa jino na ukuta ikageuka kabari. Kipande cha namna hii kina tabia moja ya kukumbuka: kinakubali kwenda mbele kidogo lakini kinagoma kurudi. Anayekilazimisha kirudi huzidi kukikaza.

Jaribio la kuchezesha

Sasa gusa kipande, lakini bila nguvu. Chonga panchi nyembamba, au msumari wa zege ulionolewa, uingie kwenye mfereji mmoja wa tapu. Ulaze kidogo, ugonge kwa nyundo ndogo kuelekea kinyume cha saa, kisha uhamie mfereji mwingine ugonge kuelekea upande wa saa. Gonga kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Vaa miwani ya kazi kabla ya pigo la kwanza, kwa kuwa chuma hiki kikivunjika hurusha kibanzi kikali ambacho hukiwahi kwa kufumba jicho.

Unatafuta mwendo mdogo sana. Chora mstari kutoka kwenye ubavu mmoja wa tapu kuvuka hadi kwenye bamba, kisha uangalie kama unaachana. Kikicheza pande zote mbili, hata kwa unene wa unywele, kinashikwa na chenga na kitatoka kwa subira. Kikicheza upande mmoja tu, kuna kabari. Kisipocheza kabisa baada ya mapigo mepesi machache kwa kila upande, acha. Ukuta umekibana, na kuendelea kupiga kutakupasulia kipande.

Kama tundu limetokeza upande wa pili, geuza bamba ulifanye jaribio hili chini pia, ambako ncha ya tapu mara nyingi inaonekana. Hapo wengi huchanganya upande. Ukitazama kutoka chini, kukirudisha kipande juu kilikotoka maana yake ni kukizungusha kufuata saa.

Mfano: bamba la mashine ya alizeti

Kesi hii ni ya karakana moja ya Kizota. Bamba la mbele la mashine ya kukamulia alizeti, unene milimita 35, lilikuwa na matundu sita ya M10 yenye kitako kwa ajili ya kufungia kiti cha beringi. Matano yalikamilika. La sita likakatikiwa na tapu ya pili katika seti ya tapu tatu. Kijana aliyekuwa anakata nyuzi alikuwa ameshashika panchi kubwa aliposimamishwa na fundi mzee.

"Usiipige bado, kijana wangu. Niambie mpini ulikuwaje."

"Ulikuwa mwepesi, mzee. Baadaye ukawa unakazana kidogokidogo. Nikasema niimalizie tu."

"Ulirudisha nyuma mara ngapi?"

"Mwanzoni nilikuwa narudisha. Mwishoni sikurudisha."

Maneno hayo yalitosha kuelekeza macho kwenye chenga, lakini mzee hakuishia hapo. Shina lilikuwa na maandishi ya HSS na uso wa mkatiko ulikuwa wa mshazari. Tofauti ya urefu dhidi ya tapu nzima ilikuwa milimita 17. Kutoka usoni mwa bamba mpaka juu ya kipande kulikuwa na milimita 3. Kwa hiyo ncha ilikuwa kwenye kina cha 20. Tundu lenyewe halikuweza kupimwa kwa kuwa limeziba, lakini matundu yote sita yalitobolewa kwa drili ya mezani ikiwa na kizuizi kilekile, na yale matano ya jirani yalikuwa na kina cha 26. Tapu haikugonga kitako, bado kulikuwa na milimita 6. Shina la biti ya 8.5 lilipoingizwa kwenye tundu jirani ambalo nyuzi zake zilikuwa tayari, liliingia bila kulegalega wala kugoma, kwa hiyo tundu halikuwa dogo. Zilibaki chenga, na huenda kibanzi cha mkatiko.

Bamba liligeuzwa juu chini kwenye vaisi, tundu likitazama sakafu. Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ni muhimu sana: ukipuliza upepo wa kompresa tundu likitazama juu, chenga hupanda na kurudi palepale, au hupanda na kukuingia machoni. Mafuta ya taa yaliingizwa kwa bomba la sindano ya hospitali, ncha yake ikiwa ndani ya mfereji mmoja baada ya mwingine, kisha upepo ukapulizwa kupitia mrija mwembamba. Zilitoka chenga nyeusi zilizoshikana kama uji mzito. Hilo lilirudiwa mpaka mafuta yakawa yanatoka safi. Kisha bamba likageuzwa, sindano ya kushonea iliyokunjwa ncha ikapitishwa katika kila mfereji, na sumaku ikafuata.

Jaribio la kuchezesha likaonyesha mwendo, lakini wa ajabu. Kipande kilienda mbele vizuri, na kurudi kilirudi robo mzunguko tu kisha kikagonga kitu kigumu. Chenga laini hazigongi namna hiyo, hukazana taratibu. Taa ya mkononi ilipoelekezwa ndani, kando ya ubavu mmoja kulionekana kumeta: kibanzi cha tapu yenyewe, kidogo kuliko punje ya mchele, kimesimama kati ya ubavu na ukuta. Kipande kikasukumwa mbele kidogo ili kukiachia nafasi, na kibanzi kikang'olewa kwa sindano. Kazi hiyo peke yake ilichukua muda mrefu kuliko nyingine zote, na ndiyo iliyoamua matokeo. Kama kipande kingelazimishwa kurudi, kibanzi kile kingezama kwenye nyuzi na kukata njia yake mpaka juu.

Kifaa cha kutolea kilitengenezwa hapohapo. Tapu ile ilikuwa na mifereji minne. Misumari minne ya zege ilisagwa mpaka ikaingia kwenye mifereji bila kulegalega, ikapitishwa ndani ya nati iliyotobolewa kubwa kidogo, na nati ikashushwa mpaka ikagusa uso wa bamba. Kazi ya nati ni kuibana misumari isitanuke, na inapaswa kukaa chini kabisa, kwa kuwa kadiri sehemu ya msumari iliyo wazi inavyokuwa ndefu ndivyo inavyojipinda badala ya kuzungusha. Vifaa vya dukani vya kazi hii vina vidole vitatu au vinne na bangili inayoteleza, na hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Juu, misumari ilishikwa kwa mpini wa tapu.

Mafuta ya alizeti yakamiminwa. Hayo hayakuchaguliwa kwa sababu tu yapo karibu. Mafuta ya mimea hushika vizuri kwenye uso wa chuma wakati wa kukata nyuzi, na hata wakati wa kazi ya kawaida ni bora kuliko oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ila futa baada ya kazi, maana yakikauka yanakuwa gundi. Kisha kipande kikazungushwa mbele kidogo, nyuma kidogo zaidi, mbele, nyuma. Mzunguko mmoja kamili wa M10 hukipandisha kipande milimita 1.5, hivyo baada ya mizunguko miwili juu yake kulilingana na uso wa bamba. Hapo misumari ikatolewa, mifereji ikasafishwa tena kwa sababu chenga za chini nazo zilikuwa zimepanda, na kazi ikaendelea mpaka kikatoka kizima.

Vidole hivi vina kikomo chake. Vimetengenezwa kwa ajili ya kipande kinachocheza. Ukivitumia kwenye kipande kilichobanwa, vitapinda au vitakatika, na sasa utakuwa na vyuma vigumu viwili ndani ya tundu moja.

Kipande hakichezi kabisa

Hapa ndipo uchomeleaji unapoingia, na unafanya kazi kwa sababu mbili. Ya kwanza inajulikana: unapata kitu cha kushika kwa spana. Ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Kipande kinapopashwa moto ghafla kinataka kupanuka, lakini bamba baridi linakizuia, kwa hiyo kinajiminya. Kinapopoa kinasinyaa na kuwa chembamba kuliko kilivyokuwa, na mshiko wa ukuta unalegea. Ndiyo maana mara nyingine jaribio la pili au la tatu hufaulu ingawa la kwanza lilikatika.

Kwa tapu ya M8 kwenda juu njia hii inafaa. Chini ya hapo kiini kilichobaki kati ya mifereji ni chembamba mno, na fimbo ya kuchomelea itakula ukuta kabla haijashika tapu.

Ondoa mafuta ya taa yote kwanza na ukaushe kwa upepo, kwa ajili ya moto na kwa ajili ya ubora wa mchomeleo. Klipu ya ardhi ifunge kwenye bamba lenyewe, karibu na tundu. Kama bamba bado liko kwenye mashine, usifunge klipu upande wa pili wa beringi, kwa kuwa umeme utapita kwenye gololi na kuziunguza.

Kama kipande kiko sawa na uso au juu yake, weka juu ya tundu washa ambayo tundu lake ni dogo kuliko tundu la bamba, ili ikinge kuta. Anza arki katikati ya kipande, ujaze kidogo hadi kionekane kichuguu kimevuka washa. Kisha weka nati juu yake, uchomelee ndani ya nati. Fimbo ya 2.5 inatosha, na choma kwa mapigo mafupi.

Kama kipande kimezama milimita chache, ukuta wa tundu ndio unaohitaji kinga. Kipande kifupi cha bomba la shaba la friji, lile jembamba linaloingia kwenye tundu la 8.5, huzuia chuma kilichoyeyuka kisishike kwenye nyuzi, kwa sababu shaba haikubali kirahisi kuungana nacho. Pitisha fimbo katikati ya bomba hilo na ujenge kichuguu mpaka kitokeze nje.

Subiri wekundu uishe kabisa, kisha acha kipoe zaidi. Usimwagie maji: bamba linaweza kukomaa pembeni ya tundu na tapu itakayofuata nayo ikakatika. Kikishapoa, anza kwa kuchezesha nati kwa spana mbele na nyuma, bila kuvuta kwa nguvu. Mchomeleo uliokatika kwenye mpaka wake na tapu ni jambo la kutarajia, kwa kuwa HSS ina kaboni nyingi na eneo lililopashwa hugeuka kama kioo. Safisha, rudia. Ikikatika hivyo tena na tena kwa fimbo ya kawaida, tafuta fimbo ya stenlesi, aina ya 309 au 312. Hizo zimetengenezwa kuunganisha vyuma visivyofanana, na kichuguu chake hunyumbuka badala ya kupasuka.

Kimepasuka, au ni kidogo mno kuchomelewa

Kabaidi ndiyo iliyo ngumu kuliko tapu. Biti ya kabaidi tupu ikipatikana, tumia ya ukubwa wa kiini tu, yaani milimita 4 hadi 5 kwa tapu ya M10. Ukishakila kiini, mbavu zinabaki zimetengana na unaweza kuzing'oa kwa sindano na sumaku, moja moja, bila kugusa nyuzi.

Biti hiyo ikikosekana, biti ya kutobolea ukuta ina ncha ya kabaidi. Jinsi inavyouzwa haina ukali wa kukata chuma, kwa hiyo inolewe, tena kwa diski ya almasi kama ile ya kukatia vigae. Jiwe la kawaida la grenda halitaila. Noa taratibu na iache ipoe yenyewe, kwa kuwa ncha imeungwa kwa shaba: moto mwingi huing'oa na maji ya ghafla huipasua.

Masharti hapa ni magumu. Bamba lazima lifungwe kwenye meza ya drili kwa klampu, si kwa mkono. Drili ya mkononi haifai hata kidogo, maana kabaidi haivumilii mtikisiko. Kasi iwe takriban mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika kwa biti ya 5, shinikizo liwe la kudumu na lisilo kubwa. Uso wa mkatiko ukiwa wa mshazari, biti itateleza, kwa hiyo uusawazishe kwanza kwa kijiwe kidogo cha kusagia. Ukisikia sauti inabadilika kuwa nyembamba, inua biti uitazame kabla haijavunjika.

Kupasua kipande kwa panchi ni njia ya mwisho kabla ya kabaidi, na mimi huikubali kwa tundu lililotokeza upande wa pili tu, ambako vipande vina pa kuangukia. Kwenye tundu lenye kitako unageuza tatizo moja kuwa mengi. Karakana yenye mashine ya kula chuma kwa cheche za umeme, ile inayotumia elektrodi ya shaba ndani ya mafuta, hukitoa kipande bila kugusa nyuzi kabisa. Kwa bamba la bei kubwa, uliza kama ipo ya kufikika kabla hujaanza kuchomelea.

Na shabu. Nimeona watu wakienda kuinunua Soko la Majengo baada ya kuona video ya tapu ikiyeyuka kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Video hizo si za uongo, lakini tazama kazi iliyomo: ni ya aluminiamu au shaba nyeupe. Shabu hula chuma na kuziacha metali hizo. Ukilitumbukiza bamba la chuma humo, litaliwa pamoja na tapu, kuanzia kwenye nyuzi zako nzuri.

Baada ya kutoka

Usipitishe tapu mpya mara moja. Puliza tundu likitazama chini, pitisha sumaku, kisha angaza ndani. Kibanzi kimoja cha HSS kilichobaki kwenye mzizi wa uzi kinatosha kuikata tapu ya pili, palepale ilipokatikia ya kwanza.

Kwenye lile bamba la Kizota, ukaguzi ulionyesha nyuzi tatu za juu zimechubuka kidogo. Mdomo wa tundu ulitanuliwa kwa biti kubwa kiasi cha kuondoa ukali, na tapu ya kwanza ya seti ikaanza upya kwa mkono bila mpini, mpaka iliposhika njia ya zamani yenyewe. Ukiishinikiza itaanza njia mpya juu ya ile ya zamani na utazipoteza zote mbili. Ya pili na ya tatu zikafuata, safari hii zikirudishwa nusu mzunguko kila baada ya mzunguko mmoja, na kutolewa nje kabisa mara mbili kusafisha mifereji. Bolti ikaingia kwa vidole mpaka mwisho.

Kama nyuzi zimekwisha, una njia mbili. Unaweza kutoboa kwa 10.2 na kukata M12 yenye hatua ya 1.75, mradi tundu la kiti cha beringi nalo lina nafasi ya bolti nene na unene wa chuma uliobaki pembeni unatosha. Au unaweza kuweka nyuzi za kupachika, zile za waya uliosokotwa, zinazorudisha M10 ileile; hizo zinahitaji biti na tapu zake maalumu zinazouzwa pamoja nazo. Kwa bamba linalobeba msukumo wa parafujo la alizeti, mimi ningechagua M12 na kubadilisha matundu yote sita, ili fundi atakayelifungua msimu ujao asikute bolti moja isiyolingana na wenzake akailazimisha.